Dada wa mgonjwa wa selimundu: kwa nini ni theluthi mbili, si nusu

Swali lenyewe huja hivi, iwe kwenye karatasi ya mtihani wa utabibu au kwenye benchi la kliniki. Neema ana miaka 26 na ni mzima. Kaka yake ana selimundu. Baba na mama yao hawaumwi. Neema anataka kuolewa na Daudi, kijana kutoka Uganda ambaye kwao hakuna anayejulikana kuwa na ugonjwa huo. Kuna uwezekano gani mtoto wao wa kwanza akazaliwa na selimundu?

Neema na Daudi ni wa kubuni, lakini swali lao si la kubuni hata kidogo. Wanafunzi wanaodurusu hulikosea mahali palepale kila mwaka, na familia hulijibu kwa maneno yao: wapo wanaosema Neema kapona maana ni mzima, wapo wanaosema damu ya Daudi ni safi maana kwao hakuna mgonjwa, na wapo wanaomwambia Neema kwamba ugonjwa umeruka kizazi na sasa unamsubiri mwanawe. Majibu yote matatu si sahihi. Hesabu ya kuyasahihisha ni ya darasa la sita. Kinachosumbua ni kujua nini kihesabiwe.

Tuanze na maneno. Jeni ni maelekezo yaliyomo mwilini ya kutengeneza kitu fulani, na karibu kila jeni tunayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Jeni inayohusika hapa iko kwenye kromosomu namba 11, nayo huelekeza utengenezaji wa sehemu ya himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni katika damu. Nakala ya kawaida huandikwa A na nakala yenye kasoro ya selimundu huandikwa S. Mwenye AA hana kasoro. Mwenye SS ni mgonjwa. Mwenye AS anaitwa mbebaji: maisha yake kwa kawaida ni ya mtu mzima, ila anaweza kumpa mtoto ile S. Ugonjwa unaohitaji nakala mbili zenye kasoro ndipo ujitokeze tunauita fiche, na ule ambao nakala moja tu inatosha kuuleta tunauita tawala.

Hapo hapo imani moja inaanguka. Mtoto wa SS amepata S moja kwa baba na S moja kwa mama. Hakuna selimundu ya "upande wa mama" peke yake, wala hakuna ukoo wa mume unaoweza kunawa mikono. Na huku "kuruka kizazi" ni S kupita kimya kimya kwa wabebaji, pengine kwa vizazi vingi, hadi siku mbebaji anapokutana na mbebaji mwenzake.

Kuchora kabla ya kuhesabu

Mchoro wa ukoo una alama chache. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke. Umbo lililopakwa rangi ni mgonjwa, lililo tupu ni mzima, na lililokatwa kwa mstari wa mshazari ni marehemu. Mstari wa kulala huunganisha wazazi, na ikiwa mistari miwili sambamba basi wazazi hao ni ndugu wa damu. Mstari wa wima hushuka hadi kwa watoto, mkubwa akianzia kushoto. Mchoro wa Neema, basi, una mraba na duara tupu juu, na chini yao mraba uliopakwa rangi ukifuatiwa na duara tupu, ambaye ni Neema, aliyeunganishwa na mraba tupu wa Daudi.

Swali likikuambia jina la ugonjwa, aina ya urithi unaijua. Lisipokuambia, tafuta mtoto mgonjwa mwenye wazazi wazima. Ukimpata, ugonjwa huo yaelekea ni fiche, kwa kuwa wazazi walikuwa wameubeba bila kuonekana. Kisha angalia wagonjwa wa kike. Msichana mgonjwa mwenye baba mzima anafuta uwezekano wa ugonjwa fiche ulio kwenye kromosomu X, kwa sababu baba ana X moja tu na humpa kila binti yake. Angekuwa nayo yenye kasoro naye angeumwa. Mambo hayo mawili yanatatua michoro mingi kuliko orodha ndefu za kukariri.

Baada ya hapo, andika kwanza unachokijua kwa hakika, usiguse uwezekano wowote. Kaka ni SS, basi. Wazazi ni wazima lakini kila mmoja alimpa S, kwa hiyo wote wawili ni AS. Hapa hakuna nusu wala robo: uwezekano wao wa kuwa wabebaji ni 1, yaani hakika. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kuanza kuzidisha sehemu kabla ya kumaliza kuandika mambo ya hakika.

Theluthi mbili inatoka wapi

Wazazi wa AS na AS wana njia nne za kumpata mtoto, zote zenye uzito sawa. S ya baba na S ya mama. S ya baba na A ya mama. A ya baba na S ya mama. A ya baba na A ya mama. Njia ya kwanza inaleta mgonjwa, mbili za katikati zinaleta wabebaji, ya mwisho inaleta asiye na kasoro. Ndiyo maana tunasema robo wagonjwa, nusu wabebaji, robo hawana kitu.

Mwanafunzi anaisoma ile nusu na kumwandikia Neema nusu. Lakini nusu ile ni ya mtoto ambaye bado hatujui lolote juu yake. Juu ya Neema tunajua jambo moja kubwa: ana miaka 26 na haumwi. Njia ya kwanza, ya SS, haimhusu tena. Ifute. Zimebaki njia tatu, na mbili kati ya hizo tatu ni za mbebaji. Neema ana uwezekano wa 2/3 kuwa AS na 1/3 kuwa AA.

Ukiielewa hatua hiyo moja, utajua pia mahali ambapo theluthi mbili haitumiki. Mimba ya mama yake Neema ambayo haijapimwa ni nusu, maana SS bado haijafutwa. Na mdogo wake Neema mwenye miezi mitatu, anayenyonya vizuri na kunenepa, naye bado tumhesabu kwa nusu. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa na himoglobini ya tumboni, ambayo haiguswi na kasoro hii, na dalili za selimundu kwa kawaida huanza kuonekana himoglobini hiyo ikishapungua, mara nyingi baada ya miezi sita hivi. Kuonekana mzima kwenye miezi mitatu hakufuti njia yoyote. Mtunga swali akitaja umri wa mtoto, ujue hakuuweka kama pambo.

Daudi na ukoo wake "safi"

Sasa upande wa pili. Kwao Daudi hakuna mgonjwa, na watu hupenda kuandika sifuri. Lakini Daudi anatoka katika jamii yenye wabebaji wengi. Utafiti wa Uganda uliopima damu ya karibu watoto laki moja wachanga na wadogo, na kuchapishwa mwaka 2016, ulikuta asilimia 13.3 ni wabebaji wa selimundu kwa nchi nzima, na zipo wilaya zilizovuka asilimia 20. Kwa hesabu yetu 13.3 ni sawa na 2/15. Hiyo ndiyo namba ya Daudi mpaka atakapopimwa. Kutokuwepo mgonjwa anayejulikana kunaipunguza kidogo mno, kwa kuwa wabebaji hawaonekani na watoto wengi wa zamani walifariki kabla ya ugonjwa wao kupewa jina.

Wabebaji ni wengi hivi katika ukanda wetu kwa sababu AS inamkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha uhusiano huo mwaka 1954 kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki. Nalitaja kwa sababu lina matokeo kwenye hesabu: kadiri malaria ilivyokuwa nyingi mahali, ndivyo namba ya wabebaji inavyopanda, hivyo usichukue namba ya nyanda za juu zenye baridi ukampa mtu wa kando ya ziwa.

Mara nyingine swali halikupi idadi ya wabebaji, linakupa idadi ya wagonjwa tu. Hapo hutumika kanuni ya Hardy na Weinberg, mmoja mwanahisabati Mwingereza na mwingine daktari Mjerumani, ambao mwaka 1908 kila mmoja aliifikia kivyake. Kwa matumizi ya kawaida ni hivi: chukua kipeuo cha pili cha idadi ya wagonjwa, kisha zidisha kwa mbili. Ugonjwa fiche unaompata mtoto 1 kati ya 10,000 una kipeuo cha 1/100, na wabebaji ni takriban 1/50. Kosa la kawaida ni kusahau kuzidisha kwa mbili.

Sasa tukusanye. Ili mtoto augue, Neema awe mbebaji, na Daudi awe mbebaji, na wote wawili watoe S. Mambo yanayotakiwa kutokea yote kwa pamoja huzidishwa:

2/3 × 2/15 × 1/4 = 1/45

Sehemu hizi huwachanganya watu zikiwa hewani, kwa hiyo mimi huzigeuza kuwa familia. Chukua wachumba 720 ambao hali yao ni sawasawa na ya Neema na Daudi. Theluthi mbili ya akina Neema ni wabebaji, yaani 480. Kati ya hao 480, waliochumbiwa na mbebaji ni 2/15, yaani 64. Wachumba 64 tu kati ya 720 ndio wote wawili ni wabebaji, na waliobaki 656 hawawezi kupata mtoto wa SS. Hao 64 wakizaa mtoto mmoja mmoja, robo yao, watoto 16, watakuwa wagonjwa. Kumi na sita kati ya 720 ni 1 kati ya 45.

Usitupe hizo familia 720, tutazihitaji tena.

"Robo" haigawiwi kwa zamu

Kabla ya kuendelea, kuna jambo ambalo limewaumiza wazazi wengi. Mama na baba waliopimwa na kuonekana AS huambiwa kwamba uwezekano ni robo, wao husikia kwamba katika watoto wanne mmoja ndiye mgonjwa. Wa kwanza akizaliwa mgonjwa, hujiona wamelipa deni na watatu wanaofuata ni wao. Sivyo. Robo ni ya kila mimba upya. Ni kama kurusha shilingi: hata ikianguka upande mmoja mara tatu mfululizo, mrusho wa nne ni nusu kwa nusu kama wa kwanza. Wazazi wa AS wenye watoto wanne wana uwezekano wa 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4, kama asilimia 32, wa kutopata mgonjwa hata mmoja. Wanaweza pia kupata wawili, au watatu.

Sasa angalia vizuri, maana hapa ndipo swali la mtihani linapogeuka na kuonekana kana kwamba linapingana na nililosema. Neema na Daudi wameoana, hawajapimwa, na wana watoto wawili, wa miaka mitano na mitatu, wote wazima. Neema ana mimba ya tatu. Uwezekano bado ni 1/45?

Hapana, umepungua. Watoto wawili wa kwanza hawabadilishi chochote ndani ya mimba ya tatu. Wanachobadilisha ni tunavyojua kuhusu wazazi. Wazazi waliokwisha kupimwa na kuonekana AS hawana cha kubadilika, hivyo robo yao inabaki robo. Neema na Daudi hawajapimwa, na kila mtoto mzima ni ushahidi mdogo kwamba huenda si wabebaji wote wawili.

Rudi kwenye wachumba 720, sasa wameoana na kila familia ina watoto wawili. Zile familia 656 zisizoweza kupata mgonjwa, zote zina watoto wawili wasio na selimundu. Katika zile 64, uwezekano wa watoto wote wawili kuwa salama ni 3/4 × 3/4, yaani 9/16, na 9/16 ya 64 ni 36. Familia nyingine 28 tayari zina mgonjwa angalau mmoja, na Neema hayumo kati yao. Zifute, kama tulivyoifuta SS mwanzo. Zilizobaki zinazofanana na ya Neema ni 656 + 36 = 692. Uwezekano kwamba Neema na Daudi ni wabebaji wote wawili umeshuka kutoka 64/720, karibu asilimia 9, hadi 36/692, asilimia 5 na kidogo. Mimba ya tatu: robo ya 36 ni 9, na 9/692 ni kama 1 kati ya 77.

Kazi tuliyoifanya inaitwa hesabu ya Bayes, kwa jina la mchungaji wa Kiingereza Thomas Bayes, ambaye maandishi yake juu ya jambo hili yalitoka mwaka 1763, baada ya kifo chake. Vitabu huiweka kwenye jedwali lenye safu za uwezekano wa awali, wa masharti, wa pamoja na wa mwisho, na wanafunzi hulikariri jedwali bila kujua linafanya nini. Linafanya jambo moja: linafuta familia ambazo hazilingani na unachokiona, halafu linahesabu upya zilizobaki. Theluthi mbili ya Neema ilikuwa Bayes tayari.

Na lile onyo la miezi mitatu linarudi hapa. Kama watoto wake wawili wangekuwa mapacha wa wiki kumi, 1/45 isingeguswa.

Akiolewa na binamu

Pwani na kwingineko ndoa ya binamu ni ya kawaida, na watu hubishana kuhusu hatari yake kana kwamba ina jibu moja. Hebu Neema aolewe si na Daudi bali na mtoto wa mama yake mdogo. Mama yake Neema ni AS kwa hakika. Aliipata S kwa mmoja wa wazazi wake, kwa hiyo mama mdogo naye ana nusu ya kuipata, na mwanawe ana nusu ya hiyo nusu, yaani 1/4. Hesabu ni 2/3 × 1/4 × 1/4 = 1/24.

Kwa Daudi ilikuwa 1/45. Binamu ameongeza, lakini hakuongeza hata maradufu. Kwa kweli hiyo 1/24 ni makisio ya chini, kwa sababu tumemhesabu mume wa mama mdogo kama asiye na S. Vitabu vingi vya mazoezi huwachukulia walioingia kwa ndoa kuwa si wabebaji. Hilo linafaa ugonjwa ukiwa adimu. Kwa selimundu Afrika Mashariki halifai mpaka swali lenyewe likuruhusu.

Linganisha na ugonjwa fiche unaompata mtoto 1 kati ya 40,000. Kipeuo ni 1/200, wabebaji 1/100. Dada wa mgonjwa akiolewa na mtu baki: 2/3 × 1/100 × 1/4 = 1/600. Akiolewa na binamu yuleyule: 1/24. Hapo binamu amezidisha hatari mara 25. Udugu wa damu huwa na uzito mkubwa pale ambapo kasoro ni adimu, kwa kuwa huna njia nyingine rahisi ya kukutana nayo. Pale ambapo kasoro imejaa mtaani, mtu baki naye huja nayo. Kwa hiyo anayesema "sisi hatuoani ndugu, selimundu haitatufikia" amejikinga na magonjwa mengine, si na hili.

Kromosomu X: hesabu ya wana wa kiume

Mchoro wa aina ya pili unaopendwa na watahini ni wa hemofilia, ugonjwa wa damu kuchelewa kuganda. Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja, ikiwa na kasoro anaugua. Mwanamke ana mbili, ikiharibika moja kwa kawaida ni mbebaji, na kila mtoto wake wa kiume ana nusu ya kuugua.

Asha ana kaka mwenye hemofilia na mjomba, kaka wa mama yake, mwenye hemofilia pia. Mama yake basi ni mbebaji kwa hakika, maana ana mwana mgonjwa na kaka mgonjwa. Zingatia kwamba mgonjwa mmoja peke yake asingetosha: takriban theluthi moja ya wagonjwa wa hemofilia hawana historia yoyote katika ukoo, na baadhi yao kasoro imeanzia kwao wenyewe bila mama kuibeba. Asha ana nusu. Ana wana watatu wa kiume, wakubwa, wote wazima. Uwezekano wa kuwa mbebaji ni upi sasa?

Chukua akina Asha 16. Wanane ni wabebaji, wanane si wabebaji. Wanane wasio wabebaji wote wana wana watatu wazima. Katika wabebaji wanane, uwezekano wa wana wote watatu kusalimika ni 1/2 × 1/2 × 1/2, yaani 1/8, kwa hiyo amebaki mmoja tu. Waliobaki kwa jumla ni tisa, mbebaji ni mmoja. Asha ameshuka kutoka 1/2 hadi 1/9.

Akiuliza kuhusu mwana wa kiume ajaye, jibu ni 1/9 × 1/2 = 1/18. Akiuliza kuhusu mtoto ajaye, bila kujua jinsia, zidisha nusu nyingine: 1/36. Soma neno lililotumika kwenye swali kabla ya kuandika. Na kama Asha angekuwa pia na mabinti watano wazima, wasingebadilisha hesabu hata chembe, kwa sababu baba yao mzima amewapa kila mmoja X isiyo na kasoro na wangekuwa wazima kwa vyovyote vile. Watahini huwaweka mabinti hao makusudi.

Kipimo kikifika

Hesabu zote hizi ni za kushika nafasi mpaka damu ipimwe. Neema akipimwa na kuonekana AS, 2/3 yake inakuwa 1, na kabla Daudi hajapimwa uwezekano kwa mtoto wa kwanza ni 2/15 × 1/4 = 1/30. Daudi naye akionekana AS, ni robo. Akionekana AA, selimundu ya SS inaondoka mezani kwa watoto wao, hata Neema akiwa mbebaji. Watoto wataweza kuwa wabebaji tu.

Lakini ni kipimo gani? Kile cha haraka cha kuangalia kama damu inajikunja au inachafuka ndani ya kichupa husema S ipo au haipo. Hakitenganishi AS na SS, na kwa mtoto mchanga kinaweza kusema haipo kumbe ipo. Anayetaka kujua kama ni mbebaji anahitaji kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kama elektroforesisi. Mtu aliyeongezewa damu miezi michache iliyopita huonyesha mchanganyiko wa damu yake na ya mchangiaji, hivyo jibu lake lisitumiwe kujaza mchoro wa ukoo.

Kuna pia wabebaji wa talasemia ya beta, kasoro nyingine ya jeni hiyohiyo, inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Mediterania, Uarabuni na Bara Hindi, na hivyo si ngeni Oman wala kwa familia za mwambao zenye ukoo huko. Mbebaji wa talasemia haonyeshi S yoyote, lakini akizaa na mwenye AS, mtoto anaweza kurithi kasoro zote mbili na kuugua ugonjwa wa selimundu. Kwa familia kama hizo, jibu la "hana S" peke yake halitoshi kuandika sifuri. Angalia pia kiasi cha himoglobini A2 na udogo wa chembe nyekundu.

Kwa sababu hizohizo, baba wa mtoto wa SS akionekana AA kwenye karatasi, anayesoma mchoro asirukie kwenye uhalali wa mtoto. Kwanza aulize kama baba aliongezewa damu, aulize ni kipimo kipi kilichotumika, kipimo kirudiwe kwa sampuli mpya, na talasemia itafutwe kwa baba na kwa mtoto. Majibu hayo yapewe muhusika faraghani, asisomewe mbele ya wakwe.